Bai patsi au sabstitusheni? Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu integresheni kwenye pasti pepa

Nafundisha hesabu za advansi kidato cha tano na cha sita, na kila ikikaribia mitihani ya NECTA ya mwezi wa tano simu yangu inajaa picha za madaftari. Karibu zote ni swali moja limevaa nguo tofauti: "ticha hii ni bai patsi au sabstitusheni?" Nimeona niyaandike majibu sehemu moja. Kitu kimoja kabla hatujaanza, humu ndani nikifanya sabstitusheni natumia herufi t, alafu u na v naziacha kwa ajili ya bai patsi peke yake, na nawaomba sana na nyie mfanye hivyo kwenye madaftari yenu maana swali likitaka zote mbili na umetumia u mara mbili, katikati ya ukurasa hujui tena u ipi ni ipi.

Ticha, nikiangalia swali kwa macho tu nitajuaje ni njia gani?

Usianze na njia, anza na kutafuta funksheni iliyoingia ndani ya funksheni nyingine. Angalia kilichopo kwenye kipeo, kilichopo ndani ya mzizi, kilichopo ndani ya mabano ya sin au cos, kilichopo kwenye asili. Ukikiona, kidiferenshieti hapohapo kichwani, alafu jiulize: hii derivetivu niliyopata, ipo nje imekaa kama kizidisho? Ikiwepo, ni sabstitusheni na wala usipoteze muda. Isipokuwepo, na unachokiona ni funksheni mbili za ukoo tofauti zimezidishana, mfano x na e^x, au x na ln x, au x na sin x, hapo ndo unaenda bai patsi.

Chukua hawa mapacha wawili, wameshaangusha wengi:

∫ x e^(x²) dx
∫ x e^x dx

Kwa haraka haraka wanafanana kabisa, kote kuna x na kote kuna e. Ila wa kwanza kipeo chake ni x², derivetivu yake ni 2x, na x ipo pale nje inakusubiri. Weka t = x², dt = 2x dx, inabaki ½∫ e^t dt, jibu ni ½e^(x²) + C. Mistari mitatu umemaliza. Wa pili kipeo chake ni x tu, derivetivu yake ni 1, kwahiyo ile x ya nje haina mtu wa kumlipa, imebaki na lazima uishughulikie mwenyewe. Bai patsi: u = x, dv = e^x dx, unapata x e^x − ∫ e^x dx, yaani x e^x − e^x + C.

Mapacha wengine wanaopenda kujitokeza ni wa logi. ∫ (ln x)/x dx ni sabstitusheni kwasababu derivetivu ya ln x ni 1/x na 1/x ipo, jibu ½(ln x)² + C. Lakini ∫ (ln x)/x² dx siyo, hapo kuna 1/x² na wewe ulikuwa unahitaji 1/x moja tu, kuna nyingine imezidi. Unaenda bai patsi, u = ln x, dv = x^(−2) dx, v = −1/x, unaishia na −(ln x)/x − 1/x + C. Tofauti ni hicho kipeo kidogo tu pale chini, kwahiyo soma swali polepole.

Derivetivu ipo ila namba hailingani, mfano nina x nje wakati nahitaji 2x. Bado naruhusiwa?

Namba ndio, x hapana. Hii ndo mistari inayopoteza maki nyingi kuliko yote kwa hivyo niiseme vizuri. Namba kama 2 au ½ au −3 unaweza kuitoa nje ya alama ya integro au kuiingiza ndani vile unavyotaka, haibadiliki. Kitu chenye x ndani yake hakitoki nje, hata kama ungependa kitoke.

Mwaka jana nikiwa nasahihisha mtihani wa majaribio nilikuta kijana kaandika hivi kwa mwandiko mzuri kabisa:

∫ e^(x²) dx = e^(x²)/(2x) + C

Alichofanya nakielewa, alijua ∫ e^(3x) dx ni e^(3x)/3, akaona derivetivu ya 3x ni 3 na imegawanya, akasema basi na mimi nagawanya kwa 2x. Lakini 3 ni namba na 2x siyo namba. Diferenshieti hilo jibu lake kwa kanuni ya kugawanya uone: inatoka e^(x²) − e^(x²)/(2x²), kile kipande cha pili kimetoka wapi? Kwenye swali hakikuwepo. Kwahiyo jibu siyo.

Na hiyo ∫ e^(x²) dx yenyewe haina jibu la kuandikika kwa funksheni za kawaida tunazozijua, siyo kwamba ni ngumu, haipo, na msingi wa kuthibitisha mambo ya namna hii uliwekwa na Joseph Liouville, Mfaransa wa karne ya 19. Kwahiyo ukijikuta kwenye kazi yako umebakiwa na ∫ e^(x²) dx iko peke yake, usiendelee kuikomalia, hiyo ni alama kwamba umechagua vibaya huko juu, rudi.

Si nitumie LIATE tu niachane na haya yote?

LIATE ni nzuri na mimi naifundisha, ila inajibu swali la pili wakati wengi mnaitumia kujibu swali la kwanza. Kwa wasioijua ni mpangilio wa kuchagua u: logi kwanza, kisha kinyume cha trigonometria kama tan⁻¹ x, kisha aljebra, kisha trigonometria, eksponensho mwisho. Unayekutana naye mapema kwenye huo mstari ndo anakuwa u, anayebaki ni dv. Ilitoka kwenye makala fupi ya Herbert Kasube mwaka 1983 kwenye jarida la American Mathematical Monthly, na ni ushauri wa kuchagua, siyo sheria.

Sasa angalia, LIATE inakwambia nani awe u *ukishaamua* ni bai patsi. Haikwambii kama ni bai patsi. Mtu akiiona ∫ x e^(x²) dx akakimbilia LIATE, atasema aljebra inatangulia eksponensho, u = x, dv = e^(x²) dx, alafu anatakiwa aintegreti e^(x²) ambayo tumetoka kusema haiintegretiki. Amekwama kwenye swali la mistari mitatu.

Kuna jaribio moja rahisi ambalo mimi naliamini zaidi ya hizo herufi: dv lazima iwe kitu unachoweza kukiintegreti sasa hivi, bila kuhangaika. Ukishindwa kuiandika v, hiyo dv siyo. Alafu u iwe kitu ambacho ukikidiferenshieti kinapungua au angalau hakiwi kibaya zaidi.

Kuna swali la x³ e^(x²) kutoka 0 hadi 1, nimelijaribu njia zote nimeshindwa. Ni njia gani?

Hili nalipenda sana, na limeulizwa kwa sura nyingi kwenye pepa za kidato cha sita na kwenye mitihani ya mwaka wa kwanza chuo. Jibu ni zote mbili, kwa mpangilio, na mpangilio ndo siri yenyewe. Tuliende taratibu.

Anayefuata LIATE anaandika u = x³, dv = e^(x²) dx. Amekwama hapohapo, v haiandikiki. Anayegeuza anaandika u = e^(x²), dv = x³ dx, anapata v = x⁴/4 na du = 2x e^(x²) dx, kwahiyo integro mpya ni ½∫ x⁵ e^(x²) dx. Umeanza na x³ umeishia na x⁵, ukiendelea itakuwa x⁷. Kipeo kikipanda badala ya kushuka ujue umepinda njia, simama.

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo kabisa: funksheni iliyo ndani ni ipi? Ni x². Derivetivu yake 2x. Je kuna x nje? Ipo, imejificha ndani ya x³, kwasababu x³ ni x² · x. Hiyo x moja ndo inalipia dt, na ile x² iliyobaki ni t yenyewe. Kwahiyo

t = x², dt = 2x dx
∫ x³ e^(x²) dx = ∫ x² e^(x²) · x dx = ½∫ t e^t dt

Umeiona? Imegeuka kuwa yule pacha wa pili wa kule juu, na yeye tunamjua ni bai patsi: ∫ t e^t dt = t e^t − e^t. Mipaka nayo inabadilika, x ikiwa 0 t ni 0, x ikiwa 1 t ni 1. Basi

½[t e^t − e^t] kutoka 0 hadi 1 = ½[(e − e) − (0 − 1)] = ½

Jibu ni nusu, safi kabisa, hamna e hata moja. Wengi wakipata nusu wanaogopa wanadhani wamekosea maana "mbona e imepotea". Usiogope, hakiki. Chukua kikokotozi na kanuni ya Simpson ambayo ipo hukohuko kwenye silabasi yenu, gawa 0 hadi 1 vipande vinne, thamani za x³e^(x²) ni 0, 0.0166, 0.1605, 0.7404 na 2.7183, ukizipitisha kwenye kanuni unapata kama 0.506. Iko jirani na 0.5, kwahiyo kazi yako iko sawa. Ingetoka 1.3 ungejua kuna mahali.

Kosa la kawaida hapa wala siyo hesabu kubwa, ni alama ya kutoa kwenye mpaka wa chini. Ukiweka t = 0 kwenye t e^t − e^t unapata 0 − 1, siyo 0. Watu wameshazoea mpaka wa chini ukiwa sifuri basi wote unapotea, wanauruka, alafu wanaishia na 0 wanashangaa. e^0 ni 1, iandike.

Mipaka ni lazima nibadilishe?

Kama umefanya sabstitusheni, chagua moja: ama ubadilishe mipaka iwe ya t uendelee na t mpaka mwisho, ama umalize bila mipaka, urudishe x, ndo uweke mipaka ya zamani. Kilichokatazwa ni kuweka mipaka ya x kwenye jibu la t. Kwenye mfano wa juu 0 na 1 zilibaki 0 na 1 kwa bahati, ila ingekuwa 0 hadi 2, t ingekwenda 0 hadi 4, na aliyeacha 2 pale amekosa jibu. Kwenye bai patsi mipaka haibadiliki kwasababu hujabadilisha herufi, ila kumbuka ile uv nayo inawekewa mipaka, siyo integro ya mwisho peke yake.

ln x au tan⁻¹ x ikiwa peke yake haizidishwi na kitu, bai patsi inaingiaje?

Inazidishwa na 1. Andika ∫ 1 · tan⁻¹ x dx, u = tan⁻¹ x, dv = 1 dx, v = x. Unapata x tan⁻¹ x − ∫ x/(1 + x²) dx. Na hapo usilale, hiyo integro iliyobaki ni sabstitusheni, asili ni 1 + x², derivetivu yake 2x, x ipo juu kwenye kiasi, inatoka ½ ln(1 + x²). Jibu x tan⁻¹ x − ½ ln(1 + x²) + C. Yaani kila ukipata integro mpya unaanza upya kuuliza lile swali la kwanza, wapo wanaoendelea na bai patsi mpaka mwisho kwasababu tu walianza nayo.

∫ e^x cos x dx inanizungusha, narudi palepale nilipoanza. Nakosea wapi?

Kurudi palepale siyo kosa, hili swali ndivyo linavyotakiwa, linarudi lenyewe alafu unalihamisha upande wa pili kama mlinganyo wa kawaida. Ila kuna namna mbili za kurudi, moja inakupa jibu nyingine inakupa I = I.

Iite I. Mara ya kwanza u = e^x, dv = cos x dx:
I = e^x sin x − ∫ e^x sin x dx

Mara ya pili *endelea na chaguo lilelile*, u = e^x, dv = sin x dx:
∫ e^x sin x dx = −e^x cos x + I

Rudisha: I = e^x sin x + e^x cos x − I, kwahiyo 2I = e^x(sin x + cos x), I = ½e^x(sin x + cos x) + C.

Aliyepata I = I mara ya pili aligeuza, akaweka u = sin x na dv = e^x dx. Kufanya hivyo ni kufuta kile alichokifanya mstari wa kwanza, ni kama kufunga kamba alafu kuifungua. Ungeweza kuanza na u = cos x pia, sawa tu, mradi trigonometria ibaki kuwa u raundi zote mbili. Ukishapata I = I, angalia mstari wako wa pili tu, kosa liko pale, usifute kazi yote.

Nimefanya ∫ x√(x + 1) dx kwa sabstitusheni, rafiki yangu kafanya bai patsi, majibu hayafanani. Nani kapatia?

Inawezekana wote. Wewe kwa t = x + 1 umepata (2/5)(x + 1)^(5/2) − (2/3)(x + 1)^(3/2) + C. Yeye kapata (2/3)x(x + 1)^(3/2) − (4/15)(x + 1)^(5/2) + C. Kwenye jibu lake ile x iandike kama (x + 1) − 1, fungua mabano, 2/3 toa 4/15 ni 6/15 yaani 2/5, na umepata jibu lako. Hili ni moja ya maswali ambayo yanakubali njia zote na mimi ningechagua sabstitusheni kwasababu aljebra yake ni fupi. Ila soma maelekezo, pepa ikikutajia njia ya kutumia, fuata hiyo, usilete yako.

LIATE inashindwa kabisa kabisa lini? Kuna swali la x e^x / (x + 1)² limenitoa jasho.

Hapa ndo ile kanuni yangu ya "dv iwe kitu unachoweza kukiintegreti" inaposaidia. Kitu rahisi kuintegreti kwenye hilo swali ni 1/(x + 1)², inatoa −1/(x + 1). Basi yote iliyobaki iwe u, yaani u = x e^x nzima bila kuitenganisha. du = (x + 1)e^x dx, na ona, hiyo (x + 1) inakuja kukatana na asili ya v. Unabaki na −x e^x/(x + 1) + ∫ e^x dx, ukiweka pamoja ni e^x/(x + 1) + C. Ukitenganisha x na e^x mapema huipati hiyo bahati.

Nimefanya ∫ 1/(x ln x) dx kwa bai patsi nikapata 0 = 1. Hesabu zimevunjika?

Nilitumiwa hii na mwanafunzi saa tano usiku, na kazi yake ilikuwa haina kosa la aljebra hata moja. Aliweka u = 1/ln x, dv = dx/x, v = ln x, du = −1/(x (ln x)²) dx. Akapata uv = 1, na integro iliyobaki ni ileile aliyoanza nayo, kwahiyo I = 1 + I, akafuta I pande zote, 0 = 1.

Kilichotokea ni kwamba I bila mipaka siyo namba moja, ni familia nzima ya majibu yanayotofautiana kwa C. I ya kushoto na I ya kulia zinaruhusiwa kupishana kwa namba, na hapa zimepishana kwa 1, basi. Ukiweka mipaka, mfano kutoka 2 hadi 3, ile uv inakuwa 1 − 1 ambayo ni 0, na utata wote unaisha, unabaki na I = I ambayo ni kweli ila haikusaidii kitu.

Na swali lenyewe halikuhitaji kufika huko. Liangalie tena: kuna ln x pale chini, derivetivu yake 1/x, na 1/x ipo imekaa pembeni yake. t = ln x, dt = dx/x, ∫ dt/t, jibu ln|ln x| + C.